Jibu la swali la usalama lisiwe jina la mama yako

Hebu jaribu hili leo. Muulize jirani yako wa ploti kama anajua jina la mama yako. Kisha muulize ulisomea shule gani ya msingi, mbwa wenu anaitwa nani, na unashabikia timu gani. Ikiwa unaishi Kaptembwo, Free Area au Pipeline, au hata mashambani kule Molo na Subukia, uwezekano ni kwamba atajibu yote bila kukuna kichwa. Haya ndiyo maswali ambayo akaunti nyingi za mtandaoni hukuuliza unaposahau nenosiri, na ukijibu vizuri zinakufungulia mlango. Kama jirani anaweza kuyajibu, basi mlango huo si wako peke yako.

Vijana wetu wamefundishwa kuweka paswadi ngumu yenye herufi kubwa, nambari na alama. Ni vizuri. Lakini mwizi mwenye akili haangaiki na paswadi. Anabonyeza "Forgot password?" halafu anangoja swali. Umeweka kufuli kubwa mlangoni, kumbe dirisha la jikoni liko wazi.

Maswali haya yalitungwa na watu wa nchi nyingine, wakifikiria maisha ya huko. Swali maarufu kuliko yote ni jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. Walioliweka waliamini kwamba mwanamke akiolewa jina la babake hupotea, hivyo ni familia tu inayolijua. Sasa lilete swali hilo hapa Bonde la Ufa. Katika familia nyingi za Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Wasichana vilevile: wa kwanza huitwa nyanya mzaa baba, wa pili nyanya mzaa mama. Na mama yako, kabla ya kuolewa, mara nyingi alitumia jina la babake. Maana yake ni kwamba ndugu yako wa pili wa kiume anatembea na jibu la swali lako la usalama. Liko Facebook, liko kwenye orodha ya mchango wa harusi, liko kwenye tangazo la mazishi ya babu.

Na hata asiyekujua kabisa anaweza kubahatisha. Mabinti wa Gikuyu na Mumbi ni tisa, au kumi ukimhesabu yule wa mwisho, na majina yao ndiyo yanayorudiwa kizazi baada ya kizazi: Wanjiru, Wambui, Wanjiku, Wangari, Nyambura na wenzao. Kwa Wakalenjin, majina mengi hufuata wakati au hali mtoto alipozaliwa. Kiprop na Cherop walikuja na mvua, Kipkoech na Chepkoech alfajiri, Kiprono na Cherono jioni mifugo ikirudi nyumbani. Ni majina mazuri, yenye historia. Lakini kama siri ya kufunga akaunti, ni orodha fupi ambayo mtu anaweza kuimaliza kabla chai haijapoa.

Hii si dhana tu. Mwaka 2015 watafiti wa Google walichapisha matokeo baada ya kuchunguza mamilioni ya majibu ya maswali ya usalama. Waligundua kwamba ukipewa nafasi moja tu ya kubahatisha chakula anachokipenda mtumiaji wa Kiingereza, na ukasema piza, utapatia karibu mara moja kati ya tano. Kwa watumiaji wa Kihispania, jina la kati la baba lilipatikana kwa asilimia 21 ndani ya majaribio kumi. Hapa kwetu hatuhitaji utafiti mwingine kujua kwamba chakula ni chapati, pilau au nyama choma, mbwa ni Simba, na timu ni Arsenal au Man U.

Utafiti huo ulikuwa na jambo la pili ambalo watu hulisahau. Asilimia 40 ya watumiaji wa Kiingereza walioko Amerika hawakuweza kukumbuka majibu yao wenyewe walipoyahitaji. Kwa hivyo swali la usalama lina ubaya wa pande mbili: mgeni analijibu, mwenyewe analisahau. Tena, asilimia 37 ya watu walikiri kwamba walidanganya makusudi ili jibu lisikisiwe. Uongo wao haukuwasaidia, kwa sababu watu hudanganya kwa kufanana, na baadaye hawakumbuki walidanganya vipi.

Kuna njia moja ya kudanganya vizuri, nayo ni kudanganya kwa maandishi. Swali likikuuliza jina la mnyama wako wa kwanza, usifikirie mnyama yeyote. Chukua kamusi, fungua kurasa nne bila kuchagua, na kila ukurasa toa neno moja. Unaweza kupata kitu kama "kijiko tisa mawimbi fundo". Hilo ndilo jina la mbwa wako kuanzia leo. (Usitumie hili la hapa, limeshasomwa na wengine.) Kila akaunti ipe jibu lake, hata kama swali ni lilelile, ili siku moja ikivunjwa nyingine isifuate. Tumia maneno badala ya herufi zilizovurugwa, kwa kuwa siku nyingine utaulizwa jibu hilo na mhudumu kwa simu, na "kijiko tisa" ni rahisi kulitamka.

Kisha liandike. Ndiyo, kwenye karatasi. Andika jina la akaunti, swali lenyewe neno kwa neno, na jibu jinsi ulivyolichapa, ukizingatia nafasi na herufi kubwa. Karatasi hiyo iweke pale mnapoweka vyeti vya kuzaliwa na matokeo ya KCSE. Mwizi wa mtandaoni hawezi kufungua sanduku la mama yako kule Bahati. Kitu cha kuepuka ni kuipiga picha na kuiacha kwenye simu ileile ambayo ikiibwa utaihitaji hiyo karatasi.

Kabla hujaanza kubadilisha majibu, jiulize kwanza: nani aliyajibu? Vijana wengi walifunguliwa imeli au PIN ya KRA na mhudumu wa saiba, siku ile ya haraka ya kutafuta HELB au kazi. Foleni ni ndefu, na mhudumu anataka kumaliza. Anaweka imeli ya saiba, namba yake mwenyewe, na swali analijibu kwa neno lilelile analowajibia wateja wote. Huenda hana nia mbaya hata kidogo. Lakini paswadi mpya ya iTax hutumwa kwa imeli iliyosajiliwa, na kama imeli hiyo ni ya saiba iliyofungwa mwaka juzi, utaisubiri milele. Ingia leo uone ni imeli gani na namba gani zimeandikwa. Ikiwa si zako na huwezi kuzibadilisha mwenyewe, beba kitambulisho halisi uende Huduma Centre au ofisi ya KRA uombe zibadilishwe. Fanya hivyo sasa, si Juni 30 usiku wakati kila mtu anajaza ritani.

Kuna maswali mengine ya usalama ambayo hayaonekani kwenye skrini, kwa sababu yanaulizwa kwa mdomo. Ukitaka kurudishiwa laini ya simu, unaulizwa nambari ya kitambulisho na maswali mengine ya kuthibitisha kwamba ni wewe. Mwizi analijua hilo. Sote tumesikia kuhusu Mulot, mji mdogo kwenye mpaka wa Narok na Bomet, ambako kwa miaka mingi makachero wa DCI wamekuwa wakikamata washukiwa wa ulaghai wa kubadilisha laini. Mwathiriwa hupigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole anayejiita mhudumu. Anaulizwa mwaka wa kuzaliwa, nambari ya kitambulisho, labda muamala wa mwisho. Anadhani anathibitishwa. Kumbe anaamuliwa majibu ambayo yule mtu atakwenda kuyatumia kujifanya yeye. Laini ikihama, ujumbe wote wa kurejesha akaunti unahamia kwa mwizi, na paswadi yako ngumu inabaki mapambo.

Safaricom hupigia wateja wake kwa 0722 000 000 pekee. Namba nyingine yoyote ikidai inatoka huko, kata simu. Ukitaka uhakika, piga 100 mwenyewe. Unaweza pia kubonyeza *100*100# ili laini yako isibadilishwe kwa wakala, bali uende mwenyewe kwenye duka la kampuni. Ujumbe wa ulaghai unatumwa bila malipo kwa 333.

Sasa tuje kwa njia ya pili ya kurejesha akaunti, ambayo ni kutumia mtu unayemwamini. Facebook iliianza mwaka 2013. Ulichagua marafiki watatu hadi watano, na ukifungiwa nje, ulikusanya nambari kutoka kwa watatu. Wazo lilikuwa zuri, lakini ukichagua marafiki kama wanavyochaguliwa Facebook, yaani watu usiowahi kuonana nao, unawapa wageni funguo. Mwaka 2022 Facebook iliiondoa. Kwa hivyo mtu akikuambia leo kwamba atakurudishia Facebook kupitia "Trusted Contacts", anakuuzia hewa.

Wazo lenyewe halikufa. Tangu 2021 Apple inaruhusu mwenye iPhone kuweka mtu wa kumsaidia, na Oktoba 2025 Google ilitangaza yake, inayoitwa Recovery Contacts. Kwa Google, unapokwama, unaonyeshwa nambari. Unampigia mtu wako na kumsomea. Yeye kwenye simu yake anaona nambari kadhaa na kuchagua ile uliyomtajia, ndani ya dakika 15. Haingii kwenye akaunti yako, wala haoni imeli zako. Kazi yake ni moja tu: kusema, "Ndiyo, huyu ninamjua, ni yeye."

Basi chagua mtu kwa kazi hiyo. Urafiki pekee hautoshi, na mapenzi hayatoshi kabisa, kwa kuwa mkiachana vibaya utasahau kumwondoa. Chagua mtu ambaye sauti yake unaijua hata laini ikiwa mbovu, mwenye simu yake mwenyewe na akaunti anayoitumia kila siku, na ambaye mkinyang'anywa simu pamoja kwenye stejini si rahisi wote wawili mkakosa. Dada aliye Eldoret ni bora kuliko rumeti mnayelala chumba kimoja kule Njoro. Na ukimweka, mwambie. Mpe sharti moja: asifanye chochote kabla ya kusikia sauti yako.

Sharti hilo ni muhimu kwa sababu ya mchezo ambao umewamaliza wengi kwenye WhatsApp. Unapata ujumbe kutoka kwa namba ya beshte wako: "Nimekutumia nambari sita kimakosa, hebu nitumie haraka." Nambari imekuja kweli. Unatuma, na sekunde chache baadaye umetolewa kwenye WhatsApp yako, na mtu mwingine anaanza kuwakopa wajomba zako kwa jina lako. Beshte naye alikuwa ameshaporwa kabla yako. Tofauti ni hii, na ikae kichwani: nambari iliyoingia kwenye simu yako kama ujumbe hufungua akaunti yako wewe. Haiwezi kuwa ya mtu mwingine. Yule anayesaidia kihalali, kama ni Google, anachagua nambari aliyosomewa. Kama ni Apple, anaifungua mwenyewe ndani ya mipangilio ya simu yake na kuisoma kwa mdomo. Hakuna anayeombwa kutuma nambari iliyomwangukia ghafla.

Na je, ikiwa umeshasahau kila kitu? Tuchukue mfano. Tuseme wewe ni mwanafunzi wa Egerton, simu imenyakuliwa ukishuka matatu karibu na soko la Nakuru. Gmail yako ilikuwa humo, paswadi huikumbuki kwa sababu simu ndiyo iliyokuwa ikiikumbuka, na jibu la swali la usalama la akaunti nyingine uliliweka ukiwa kidato cha pili. HELB wanawasiliana nawe kwa imeli ile. Utaanzia wapi?

Jambo la kwanza ni kuacha kubahatisha. Ukijaribu majibu ishirini kwa hasira, akaunti itafungwa kwa muda, na mfumo utakuona kama mwizi. Pumua, kisha fuata mpangilio: laini kwanza, imeli ya pili, mengine baadaye. Laini ndiyo inayopokea ujumbe wa kurejesha imeli, na imeli ndiyo inayorejesha mengine yote.

Nenda duka la kampuni ya simu na kitambulisho urudishiwe namba yako ileile. Hapa wengi hukwama, kwa sababu laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mama au mjomba walipokuwa chini ya miaka 18. Basi itabidi mwenye kitambulisho afike mwenyewe. Ukiwa umeshafikisha umri na bado una laini ya hivyo, ihamishie kwa jina lako kabla ya msiba, si baada.

Namba ikirudi, ingia g.co/recover. Tumia kompyuta au simu ambayo uliwahi kuitumia kuingia kwenye akaunti hiyo, na uwe mahali unapoingilia kawaida, kwa mfano hosteli yenu au nyumbani. Google huangalia hayo. Ukikimbilia saiba ambayo hujawahi kuingia, unajipunguzia nafasi. Ukiulizwa paswadi ya mwisho unayoikumbuka, andika hata ya zamani. Ukishindwa njia moja, bonyeza "Try another way" uone kama kuna nyingine. Usiruke maswali, kisia vizuri kuliko kuacha wazi. Wakikuambia usubiri saa au siku kadhaa, subiri kweli, na uangalie pia kwenye taka.

Kama ni mwizi aliyeingia na kubadilisha namba ya kurejesha, bado una nafasi, lakini kimbia. Kwa siku 7 baada ya mabadiliko hayo, Google inaweza kukubali kutuma nambari kwa simu au imeli yako ya awali. Kwa Facebook, anza na facebook.com/hacked. Kwa benki na M-Pesa, jibu ulilosahau halina njia ya mkato: piga simu au nenda tawini na kitambulisho.

Halafu kuna wale wanaojitangaza Telegram kwamba wanarejesha akaunti kwa elfu moja au mbili. Hawana mlango wa siri kwa Google wala Facebook. Watakuomba ada, kisha nambari sita, kisha ada nyingine. Aliyepoteza akaunti ndiye mawindo yao wa kwanza, kwa sababu ana haraka na ana aibu.

Kuna wakati, ni lazima tuseme ukweli, ambapo akaunti haitarudi. Kama laini ya zamani uliitupa na imeshagawiwa mtu mwingine, imeli ya pili huna, hukuweka mtu wa kusaidia, na kifaa ulichotumia hakipo, mfumo hauna namna ya kukutofautisha na mwizi. Hapo kazi yako ni kuwaarifu HELB, chuo, benki na mwajiri kuhusu imeli mpya, na kuwaambia jamaa kwamba ile ya zamani ikiomba pesa si wewe.

Tunawaomba wenye saiba wa Nakuru, Naivasha, Gilgil na kwingineko wabadilishe desturi moja: mteja achape mwenyewe jibu la siri, mhudumu akigeuza uso, kama anavyogeuza mtu wakati wa kuweka namba ya M-Pesa. Na taasisi ambazo bado zinauliza jina la mama ziache. Shirika la viwango la Amerika, NIST, liliondoa maswali ya aina hii kwenye mwongozo wake tangu 2017.

Wewe msomaji, usiwangoje. Jioni ya leo fungua mipangilio ya imeli yako. Hakikisha namba iliyomo ni laini unayoitumia. Weka mtu mmoja wa kukusaidia na umpigie kumwambia. Kisha toa kamusi, na umpe mbwa wako jina jipya.